Kudhibiti nguvu ya spiriti kwa halijoto ya trei, pamoja na fidia ya presha

Kila wanapoingia waendeshaji wapya kwenye zamu, maswali ni yaleyale mawili. La kwanza: "Kipimajoto cha juu ya mnara kimesimama palepale, mbona maabara inasema spiriti imeshuka nguvu?" La pili huja baada ya wiki chache: "Nimeiweka kontrola ifuate halijoto ya trei, mbona boila ikiyumba kidogo tu, spiriti nayo inayumba?" Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, kwa hiyo safari hii nayaandika.

Mfano nitakaoutumia ni mnara wa kukolezea ethanoli katika kiwanda cha spiriti ya molasi. Una trei 50, tunazihesabu kutoka chini. Malisho yanaingia trei ya 16, stimu inaingia chini, mvuke wa juu unapozwa kwenye kondensa na kushukia kwenye tangi. Kutoka kwenye tangi hilo sehemu inarudishwa juu ya mnara, ndiyo rifluksi, na sehemu inatolewa kuwa spiriti. Kiwanda kiko kando ya Ziwa Viktoria, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo presha ya hewa ni kama kPa 88.8 na si 101.3 ya pwani. Tarakimu za mnara ni za mfano, zako zitakuwa tofauti. Tabia ya ethanoli na maji haibadiliki popote uendapo.

Nadharia kidogo, ya kutosha kuanzia kazi

Kupima nguvu ya spiriti kwa haidromita kunachukua muda, na sampuli huja mara moja kwa saa au kwa saa mbili. Halijoto unaiona kila sekunde. Mchanganyiko wa ethanoli na maji ukiwa unachemka chini ya presha inayojulikana, halijoto yake inakwambia una ethanoli kiasi gani. Ndiyo maana tunaikisia nguvu kupitia halijoto badala ya kuingoja maabara.

Hivi ndivyo kimiminika kinavyochemka kwenye kPa 101.3:

| Ethanoli katika kimiminika (asilimia kwa uzito) | Halijoto (°C) |
|---|---|
| 17 | 89.0 |
| 34 | 84.1 |
| 47 | 82.3 |
| 55 | 81.5 |
| 63 | 80.7 |
| 73 | 79.8 |
| 84 | 78.74 |
| 88 | 78.41 |
| 95.6 | 78.15 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kutoka asilimia 88 hadi 95.6, ambayo ndiyo tofauti kati ya spiriti dhaifu ya kukolezwa upya na spiriti ya kuuzwa, halijoto inasogea digrii 0.26 tu. Sasa weka jambo la pili kando yake: presha ikipanda kPa 1, mchanganyiko huu huchemka juu zaidi kwa takriban digrii 0.25. Kwa hiyo kPa moja tu ya presha inatosha kuificha tofauti yote hiyo. Kipimajoto cha juu hakijaharibika. Mahali kilipo hapana habari ya kutoa.

Habari iko chini zaidi, ambako asilimia chache za ethanoli zinasogeza halijoto kwa kiasi kinachoonekana. Ila hata huko presha inaingilia, na ndipo fidia inapohitajika.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vihisi vya halijoto, aina ya Pt100, kwenye trei kadhaa kati ya malisho na juu. Vitano au sita vinatosha.
- Transmita ya presha juu ya mnara, na nyingine ya tofauti ya presha kati ya chini na juu.
- Kipimo cha presha ya hewa ya mahali ulipo, au transmita ya juu iwe ya presha kamili.
- Kompyuta ya mtambo inayokuruhusu kuandika hesabu fupi na kuchora mwenendo wa vipimo.
- Mtu wa maabara atakayekubali kupima sampuli kila nusu saa kwa siku moja au mbili za majaribio.
- Mnara uliotulia. Kama valvu ya stimu inakwama au tangi la rifluksi linajaa na kukauka ovyo, tengeneza hayo kwanza.

Hatua ya 1: Vihakiki vihisi

Pt100 ya daraja A inaruhusiwa kukosea hadi digrii 0.31 hivi kwenye 82 °C, na ya daraja B hadi 0.71. Usihangaike sana na kosa lisilobadilika, kwa sababu litamezwa na lengo utakaloliweka baadaye kwa kufuata maabara. Kinachoumiza ni kihisi kinachochelewa au kinachohamahama.

Chomoa kila kihisi uangalie kama ncha yake inagusa mwisho wa mfuko wake wa chuma. Nafasi ya hewa ya milimita chache inaweza kukiongezea kihisi dakika nzima ya kuchelewa. Kisha hakikisha mfuko wenyewe umezama kwenye kimiminika kinachochemka juu ya trei, si kwenye kona iliyotulia karibu na mfereji wa kushukia.

Ukimaliza, pima ucheleweshaji. Zamisha kihisi kikiwa ndani ya mfuko wa akiba kwenye maji yanayochemka, uhesabu sekunde hadi kifikie asilimia 63 ya safari yake. Katika mfano wetu ni sekunde 40. Iandike namba hiyo, utaihitaji hatua ya 5.

Hatua ya 2: Chagua trei

Weka mnara kwenye mkono, yaani stimu, malisho na utoaji wa spiriti vyote vimeachwa kwenye kiasi kilekile bila kontrola kuvigusa. Subiri utulie. Punguza utoaji wa spiriti kwa asilimia 2, subiri saa moja hadi mbili, andika kila trei imesogea kiasi gani. Rudisha, subiri tena, kisha ongeza kwa asilimia 2 na uandike vilevile.

Katika mnara wa mfano, trei ya 40 ilisogea digrii 0.05 kila upande, haina faida. Ya 32 ilisogea 0.2. Ya 26 ilisogea 0.5. Ya 22 ilipanda 0.9 utoaji ulipoongezwa na kushuka 0.8 ulipopunguzwa. Ya 19 ilipanda 1.4 lakini ikashuka 0.4 tu.

Mgeni huikimbilia trei ya 19 kwa sababu ya ile 1.4. Usifanye hivyo. Kwanza, trei inayosogea sana upande mmoja na kidogo upande wa pili itakupa kontrola yenye hasira upande mmoja na usingizi upande mwingine. Pili, trei zilizo karibu na malisho, pale ethanoli inapokuwa kama nusu ya kimiminika au pungufu, ndipo mafuta ya fuseli, yaani alkoholi nzito zinazokuja na malisho, yanapojikusanya. Yakiwepo, mchanganyiko si wa vitu viwili tena, na jedwali la hapo juu halisemi kweli. Tunachukua trei ya 22, ambako kimiminika kina ethanoli kama asilimia 55 na halijoto yake kwenye kPa 101.3 ni 81.5.

Rudia jaribio siku nyingine kwa malisho tofauti. Trei ikibaki ileile, umepata.

Hatua ya 3: Pata presha ya trei yenyewe

Hapa ndipo nimeona kazi nyingi zikiharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu huchukua presha ya juu ya mnara kwa sababu transmita iko pale tayari. Lakini mvuke unapopanda kupitia kila trei unapoteza presha kidogo, kwa hiyo trei ya 22 ina presha kubwa kuliko juu. Mbaya zaidi, pengo hilo halitulii: stimu ikiongezeka, pengo linapanuka, hali presha ya juu haijasogea hata kidogo. Fidia inayotumia presha ya juu inakuwa kipofu wakati uleule unaoihitaji.

Hesabu ni rahisi. Juu ya trei ya 22 kuna trei 28, na mnara mzima una 50, kwa hiyo trei yetu inabeba sehemu 28/50, yaani 0.56, ya tofauti ya presha ya mnara. Siku ya kawaida hewa ni kPa 88.8, geji ya juu inasoma 1.5, na tofauti ya presha ya mnara ni 25. Basi:

88.8 + 1.5 + 0.56 × 25 = kPa 104.3

Hii ni presha kamili, si ya geji. Ukipata nafasi ya kuweka transmita karibu na trei yenyewe, fanya hivyo, ni bora kuliko hesabu. Sehemu ya 0.56 inadhani trei zote zinapoteza presha sawasawa, na chini ya malisho huwa si kweli kabisa kwa kuwa kimiminika ni kingi zaidi.

Je, kuna haja ya kufuata presha ya hewa saa kwa saa? Katika nchi zetu za karibu na ikweta presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa tofauti ya kPa 0.3 hadi 0.4. Kwenye trei yetu hiyo ni chini ya digrii 0.1. Ukiwa na kipimo, kitumie. Usipokuwa nacho, namba moja isiyobadilika ya mahali pako inatosha. Usiweke tu 101.3 kwa mazoea ukiwa Kisumu au Mwanza, kwa sababu hapo unakosea kwa zaidi ya kPa 12, yaani digrii 3.

Onyo kuhusu mirija: mrija unaoipeleka presha kwenye transmita lazima upande kutoka kwenye mnara kwenda kwenye transmita, ili mvuke ukipoa uteremke kurudi mnarani. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi mrija ulikuwa na tumbo, ukajaa kimiminika cha kama sentimita 30. Kimo hicho kilitosha kudanganya kwa karibu kPa 3, na tulipoteza siku mbili tukirekebisha kontrola isiyokuwa na kosa lolote.

Hatua ya 4: Tafuta kigezo cha fidia

Tunataka kujibu swali moja: kimiminika hikihiki, kingekuwa chini ya presha ya rejea, kingechemka kwa halijoto gani? Mimi huchagua presha ya rejea kuwa kPa 101.3, kwa sababu halijoto iliyofidiwa inaweza kusomwa moja kwa moja kwenye jedwali lililochapishwa. Fomula kamili, halijoto zikiwa kwenye kelvini, ni hii:

1/T_fidia = 1/T + (1/4950) × ln(P/101.3)

Namba 4950 inatokana na joto la kuvukiza. Ni bahati yetu kwamba kwa ethanoli ni kama 4900 na kwa maji ni kama 5000, ndiyo maana kigezo kimoja kinafaa mchanganyiko wote. Usiichukue namba hii ukaenda nayo kwenye mnara wa gesi ya kupikia.

Kwa mabadiliko madogo ya presha, mstari ulionyooka unatosha:

T_fidia = T − 0.25 × (P − 101.3)

Tujaribu zote mbili. Trei inasoma 82.25 na presha ni 104.3. Kwa mstari: 82.25 − 0.25 × 3.0 = 81.50. Kwa fomula kamili unapata 81.51. Tofauti hiyo hakuna kihisi kitakachoiona. Mnara wako ukiendeshwa kwenye ombwe, au presha yake ikisogea zaidi ya kPa 10 kutoka kwenye rejea, tumia fomula kamili.

Kuna njia moja ya kutafuta kigezo ambayo ni mtego: kuchukua data za mwezi uliopita na kuchora halijoto dhidi ya presha. Kama kontrola ilikuwa otomatiki, ilikuwa inaibana halijoto isisogee kwa kuuchezea mchanganyiko. Mchoro utakuonyesha kigezo karibu na sifuri, nawe utaamini kwamba fidia haihitajiki.

Hatua ya 5: Iandike kwenye kompyuta ya mtambo

Presha inasikika papo hapo, halijoto inachelewa sekunde 40. Ukizitoa moja kwa nyingine hivyohivyo, presha ikiruka juu halijoto iliyofidiwa itaanguka kwanza kisha ipande, na kontrola itaanza kwa kufanya kinyume cha kinachotakiwa. Dawa ni kuichelewesha presha kwa muda uleule wa kihisi, zile sekunde 40 za hatua ya 1.

```
P_trei := P_hewa + P_juu_geji + 0.56 * dP_mnara;
IF P_sawa THEN
  P_chujwa := P_chujwa + (dt/40.0) * (P_trei - P_chujwa);
END_IF;
P_chujwa := LIMIT(95.0, P_chujwa, 115.0);
T_fidia := T_trei - 0.25 * (P_chujwa - 101.3);
```

Humo `dt` ni sekunde kati ya mzunguko mmoja wa hesabu na mwingine, na `P_sawa` ni alama kwamba transmita zote ziko hai. Transmita ikifa, presha ya mwisho inabaki ilipokuwa na mnara unaendelea. Usiruhusu hesabu iruke kwenda sifuri, kwa maana presha ya sifuri itaongeza digrii 25 kwenye kipimo na kontrola itafunga spiriti yote.

Onyesha `T_trei` na `T_fidia` zote mbili kwenye skrini ya mwendeshaji. Mtu wa zamu akiona namba moja tu isiyolingana na kipimajoto cha ukutani, ataacha kuiamini siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Ithibitishe kabla ya kuikabidhi valvu

Kontrola bado iko mkono. Ongeza stimu taratibu hadi tofauti ya presha ya mnara itoke 25 ifike 30.4. Katika mfano wetu inahitaji nyongeza ya stimu ya zaidi kidogo ya asilimia 10. Presha ya trei sasa ni:

88.8 + 1.5 + 0.56 × 30.4 = kPa 107.3

Dakika chache za mwanzo, kabla mchanganyiko haujapata nafasi ya kubadilika, halijoto ghafi inapanda kutoka 82.25 hadi karibu 83.0. Iliyofidiwa inabaki 81.5. Ukiona hivyo, kazi imekubali.

Tafakari kontrola isiyo na fidia ingefanya nini hapo. Ingeona digrii 0.75 za nyongeza, na kwenye jedwali hiyo ni sawa na kimiminika kilichoshuka kutoka asilimia 55 hadi 47. Ingeamini ethanoli inakwisha, ikapunguza utoaji. Ethanoli isiyotolewa juu hurundikana, ikasukumwa chini, na mwisho ikatokea na maji machafu ya chini ya mnara. Usiku boila ikipunguza stimu, kinyume chake hutokea: halijoto inashuka, kontrola inadhani ethanoli ni tele, inafungua, na maji yanafuata juu. Hilo ndilo jibu la swali la pili la mwanzoni.

Baada ya nusu saa halijoto iliyofidiwa itaanza kusogea pia. Hilo si kosa. Stimu nyingi kwa utoaji uleule ina maana rifluksi imeongezeka, na mnara unatenganisha vizuri zaidi. Hayo ni mabadiliko ya kweli na unataka kuyaona.

Hatua ya 7: Funga kontrola

Katika mpango huu stimu inashikiliwa na kontrola yake yenyewe, usawa wa tangi unashikiliwa na valvu ya rifluksi, na halijoto iliyofidiwa inaamuru mtiririko wa spiriti inayotolewa. Halijoto ikipanda, utoaji upungue. Hakikisha mwelekeo huo kabla ya yote.

Ona jinsi amri inavyosafiri: kupunguza utoaji hakuigusi trei moja kwa moja. Kunajaza tangi, na kontrola ya tangi ndiyo inayoongeza rifluksi, ndipo trei inapohisi. Kontrola ya tangi ikiwa mvivu, kontrola ya halijoto itangoja bila kikomo. Kwa hiyo ibane ile ya tangi kwanza, iwe na geini kubwa na isitegemee sana ujumlishaji.

Sasa pata namba za kontrola ya halijoto. Punguza utoaji kwa asilimia 2 ya upeo wake, utazame `T_fidia`. Katika mfano, ilikaa kimya dakika 3, kisha ikaanza kushuka digrii 0.04 kwa dakika, yaani 0.02 kwa kila asilimia 1. Kanuni ninayoitumia:

Geini = 1 / (0.02 × 2 × 3) = asilimia 8.3 kwa digrii

Muda wa ujumlishaji = 4 × 2 × 3 = dakika 24

Angalia vipimo vya mfumo wako. Mingi huhesabu geini kama asilimia kwa asilimia. Kama kipimo cha halijoto kimewekwa upeo wa 0 hadi 150 °C, basi digrii moja ni asilimia 0.67 ya upeo, na geini ya kuandika ni 12.5, si 8.3.

Weka mipaka ya amri, tuseme kati ya asilimia 70 na 110 ya utoaji wa kawaida, kisha weka lengo 81.5 na uingie otomatiki. Dakika 24 utaziona kuwa nyingi. Usizipunguze siku ya kwanza. Mtu anayeweka dakika 5 kwa pupa hupata mawimbi ya saa nzima yasiyokwisha.

Hatua ya 8: Maabara irekebishe lengo, si valvu

Lengo la 81.5 ni makisio mazuri tu. Kihisi kina kosa lake na nguvu ya malisho inabadilika. Kwa hiyo chukua sampuli ya spiriti kupitia kipozeo, kamwe usiifungue ikiwa moto, kwani mvuke wake unashika moto kwa urahisi. Linganisha wastani wa sampuli tatu mfululizo na nguvu unayoitaka. Spiriti ikiwa dhaifu, shusha lengo kwa digrii 0.1. Ikiwa iko juu ya kinachotakiwa na maji ya chini yanabeba ethanoli, pandisha 0.1. Halafu subiri saa mbili.

Sampuli moja mbaya isikutoe kwenye mstari. Haidromita iliyosomwa bila kurekebisha halijoto ya sampuli inatosha kukuhangaisha usiku mzima.

Mambo yakienda kombo

*Presha ikibadilika, halijoto iliyofidiwa inayumba kuliko ile ghafi.* Alama ya fidia imegeuzwa, umeongeza badala ya kutoa. Ni kosa la kawaida kuliko yote, na hatua ya 6 hulifichua kwa dakika mbili.

*Iliyofidiwa inafuata ghafi kwa pengo lilelile muda wote.* Presha haisogei kwenye hesabu. Ama transmita imekufa na presha imegandishwa, ama imegonga mpaka wa 95 au 115, ama mtu ametumia presha ya juu peke yake.

*Kipimo kimejaa meno madogo na valvu haitulii.* Kelele ya presha inapita. Kelele ya kPa 0.4 ni digrii 0.1, na kwa geini ya 8.3 valvu inasogea karibu asilimia 1 kila mara. Angalia kichujio kinafanya kazi kweli, kisha angalia kimiminika kwenye mirija. Kuongeza kichujio mara tatu zaidi ya ucheleweshaji wa kihisi kutarudisha tatizo la hatua ya 5 kwa upande wa pili.

*Halijoto iko kwenye lengo siku nzima, lakini spiriti inadhoofika polepole.* Shuku mafuta ya fuseli. Angalia kama valvu ya kuyatolea imeziba au imesahauliwa. Yakipanda hadi trei ya 22, kila digrii inasema kitu kingine. Rekebisha utoaji wa fuseli, na usilikimbize lengo.

*Mawimbi marefu, kama saa moja kwa kila wimbi.* Weka halijoto mkono. Mawimbi yakikoma, ongeza muda wa ujumlishaji. Yasipokoma, kontrola nyingine ndiyo inayoyaleta, na mara nyingi ni ya tangi au valvu ya stimu inayonata.

*Tofauti ya presha inapanda yenyewe bila stimu kuongezwa, na halijoto za trei zinarukaruka.* Mnara umefurika. Presha uliyoihesabu si ya trei inayochemka kawaida, na fidia haina maana tena. Weka halijoto mkono, punguza stimu, ngoja tofauti ya presha irudi chini na ikae hapo kwa nusu saa, ndipo urudi otomatiki.